Asilimia ya Nini? Kuisoma Barua ya Ofa ya Mkopo wa Nyumba Kabla ya Kutia Saini

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanachama wetu waliokuwa wakijiandaa kununua nyumba kwa mkopo. Imeandikwa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie karatasi moja tu, nayo ni barua ya ofa. Mtu huomba mkopo wa nyumba, huhojiwa, huleta taarifa za mshahara na za akaunti, kisha siku moja huitwa akakabidhiwa barua yenye kurasa kadhaa inayosema kwamba mkopo umekubaliwa kwa masharti yafuatayo. Kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi upande wa pili wa ile meza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisogeza hiyo barua mbele ya mkopaji pamoja na kalamu, na niliona jinsi inavyosomwa. Watu husoma tarakimu mbili: kiasi cha mkopo na rejesho la kila mwezi. Baada ya hapo hufungua ukurasa wa mwisho kutafuta mahali pa kutia saini.

Naomba niwaulize, wale ambao tayari mna mikopo: ni nani kati yenu aliyeisoma barua yake mpaka mwisho? Naona mikono mitatu. Nawashukuru kwa ukweli wenu.

Sitaki kuwabebesha orodha ndefu ya mambo ya kukagua. Nataka muondoke na swali moja fupi, ambalo mtaliuliza kila mnapokuta tarakimu ndani ya barua hiyo. Swali lenyewe ni hili: ya nini? Asilimia 80, ya nini? Miaka 20, ya nini? Bima ya milioni kadhaa, ya nini? Adhabu ya asilimia 3, ya nini? Tarakimu peke yake haina maana mpaka ijulikane inahesabiwa juu ya kitu gani.

Nitalieleza swali hilo kwa mfano wa mwalimu mmoja na mumewe fundi, waliokuja kwangu na barua yao kabla hawajaitia saini, na ambao wameniruhusu niwasimulie bila kuwataja majina. Hesabu nimezikaribisha ili zifuatike kwa masikio, na sitataja sarafu yoyote. Nikisema milioni, kila mmoja aweke sarafu yake.

Tuanze na malipo ya awali, yaani fedha ambayo mkopaji anatoa mfukoni mwake.

Mwalimu na mumewe walikuwa wamekubaliana na muuzaji bei ya milioni 100. Walikuwa na akiba ya milioni 20 kwa ajili ya malipo ya awali, na milioni 4 nyingine waliyoitenga kwa gharama za wakili, uthamini, kodi na usajili wa hati. Tangazo la mkopo lilisema wazi kwamba mkopeshaji anatoa mpaka asilimia 80. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: sisi 20, benki 80, jumla 100. Kwa kuiamini hesabu hiyo, walisaini mkataba wa mauziano na kumlipa muuzaji milioni 10 za kwanza, huku mkataba ukisema kwamba kiasi kilichobaki kisipolipwa ndani ya siku 90, fedha hizo hazirudi.

Barua ya ofa ilipokuja, kiasi cha mkopo kilichoandikwa kilikuwa milioni 72. Walidhani ni makosa ya uchapaji. Hayakuwa makosa. Barua ilisema kwamba mkopo hautazidi asilimia 80 ya bei ya mauziano au ya thamani iliyokadiriwa na mthamini wa mkopeshaji, kwa kuchukua kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mthamini alikuwa ameikadiria nyumba hiyo milioni 90. Asilimia 80 ya 90 ni 72. Kwa hiyo malipo ya awali hayakuwa tena milioni 20, bali milioni 28, na pengo la milioni 8 lilikuwa limeangukia mabegani mwa watu ambao milioni zao 10 zilikuwa tayari mikononi mwa muuzaji.

Asilimia 80, ya nini? Hapo ndipo swali linapoanza kulipa. Mkopeshaji hajali sana bei mliyokubaliana na muuzaji, kwa sababu bei hiyo huenda imepandishwa na shauku yenu. Yeye anauliza: siku mkopaji akishindwa, nikiuza nyumba hii nitapata kiasi gani? Ndiyo maana ripoti nyingi za uthamini huwa na thamani mbili: ile ya sokoni, yaani kiasi ambacho nyumba ingeuzwa kwa utulivu na kwa muda wa kutosha, na ile ya kuuza kwa haraka, ambayo huwa chini zaidi. Zipo barua ambazo asilimia yake inahesabiwa juu ya hii ya pili. Ukikuta neno "thamani" peke yake bila ufafanuzi, usilipite. Omba maandishi yanayosema ni thamani ipi, na omba nakala ya ripoti ya uthamini, kwa kuwa katika hali nyingi ni wewe uliyeilipia.

Kuna jambo la pili katika kifungu hichohicho, nalo ni kile kinachohesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya awali. Milioni 10 alizolipwa muuzaji zilihesabiwa, kwa sababu zilipita benki na stakabadhi ilikuwepo. Kama wangezilipa taslimu kwa kupeana mikono, mkopeshaji angekuwa na haki ya kusema kwamba hazionekani. Zile milioni 4 za wakili na usajili hazikuhesabiwa hata kidogo, kwa kuwa gharama si sehemu ya bei. Tena, kwa kawaida fedha ya mkopeshaji hutoka mwisho: mkopaji lazima kwanza athibitishe kwamba mchango wake wote umelipwa au umewekwa kwenye akaunti iliyokubaliwa. Kwa hiyo huwezi kusema, "Leteni zenu kwanza, zangu zitafuata."

Walifanya nini? Walimpelekea muuzaji ile ripoti ya uthamini. Muuzaji naye alijua kwamba mnunuzi mwingine yeyote wa mkopo angekutana na mthamini wa aina ileile, na baada ya wiki moja ya kuvutana alishusha bei hadi milioni 95. Mkopo ulibaki milioni 72, kwa sababu ulifungwa kwenye thamani na si kwenye bei, hivyo malipo ya awali yakawa milioni 23. Milioni 3 zilizopungua walizipata kwa kuuza gari lao dogo. Lakini angalieni bahati ilivyofanya kazi hapo. Njia iliyo salama ni kuweka ndani ya mkataba wa mauziano, kabla ya kulipa chochote, kifungu kinachosema kwamba malipo ya kwanza yatarudishwa ikiwa mkopo hautatolewa au utatolewa pungufu ya kiasi fulani kinachotajwa. Muuzaji anaweza kukataa kifungu hicho. Akikataa, angalau umejua mapema hatari unayoibeba ni ya ukubwa gani.

Sasa tuje kwenye muda wa mkopo.

Barua iliandika miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio, na rejesho la mwezi takriban 792,800. Afisa aliyewahudumia aliwaambia kwa wema kabisa kwamba, kama rejesho linawabana, muda unaweza kusogezwa hadi miaka 25. Mumewe mwalimu alipenda wazo hilo. Je, ninyi msingelipenda?

Tuliketi tukapiga hesabu. Kwa miaka 15, rejesho lingekuwa takriban 864,000 kwa mwezi, na jumla ya fedha zote watakazolipa mpaka mwisho ni kama milioni 155.5. Kwa miaka 20, rejesho ni 792,800 na jumla ni milioni 190.3. Kwa miaka 25, rejesho ni 758,300 na jumla ni milioni 227.5. Angalieni vizuri hatua ya mwisho. Kuongeza miaka mitano kutoka 20 hadi 25 kunapunguza rejesho kwa kama 34,500 tu kwa mwezi, lakini kunaongeza malipo kwa zaidi ya milioni 37. Hatua ya kutoka 15 hadi 20 ilileta nafuu ya 71,000 kwa mwezi kwa gharama isiyofika milioni 35. Maana yake, kadiri muda unavyorefushwa, nafuu inazidi kuwa nyembamba huku gharama ikizidi kunenepa. Sababu ni kwamba katika rejesho la mwezi wa kwanza, 720,000 ni riba tupu, yaani asilimia moja ya milioni 72. Hata urefushe muda mpaka mwisho wa dunia, rejesho haliwezi kushuka chini ya hiyo 720,000, kwa sababu chini ya hapo hamlipi deni, mnalikuza.

Walibaki na miaka 20. Lakini bado swali letu lilikuwa halijajibiwa. Miaka 20, ya nini? Kwenye ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba riba ya asilimia 12 imefungwa kwa miezi 36 ya kwanza, na baada ya hapo itafuata kiwango cha riba cha mkopeshaji kama kitakavyobadilika mara kwa mara. Ndugu zangu, hivyo ni vipindi viwili tofauti. Miaka 20 ilikuwa ni muda wa deni, na miaka 3 ndiyo ilikuwa muda wa ahadi.

Tuseme baada ya hiyo miaka 3 riba inapanda hadi asilimia 14. Salio wakati huo lingekuwa takriban milioni 68.9. Ili deni liishe katika miaka 17 iliyobaki, rejesho lazima lipande hadi kama 886,600, yaani ongezeko la karibu 94,000 kila mwezi. Kuna wakopeshaji ambao, kwa kutotaka kumshtua mteja, huacha rejesho lilivyo na kurefusha muda badala yake. Inasikika kama huruma, sivyo? Lakini riba ya mwezi mmoja juu ya milioni 68.9 kwa asilimia 14 ni zaidi ya 803,000, na rejesho la zamani ni 792,800. Rejesho halitoshi hata riba. Deni la namna hiyo halirefuki muda, linakua. Kwa hiyo barua inapaswa kueleza bila kuficha: riba ikibadilika, kinachobadilika ni rejesho au ni muda, nami nitaarifiwa siku ngapi kabla? Katika barua ya mwalimu jambo hilo halikuandikwa. Aliomba liandikwe, likaandikwa kwamba kinachobadilika ni rejesho, kwa taarifa ya siku 30.

Nakuja kwenye bima, na hapa naomba subira yenu, kwa kuwa ndipo nilipoona machozi mengi zaidi.

Barua nyingi hudai bima mbili. Ya kwanza ni ya jengo dhidi ya moto, mafuriko na majanga mengine. Ya pili ni ya maisha ya mkopaji, na mara nyingi huongezwa ulemavu wa kudumu, ili akifariki, deni lilipwe na kampuni ya bima badala ya warithi wake. Watu huzisoma kama kitu kimoja, na huziona zote mbili kuwa kero ya kuongeza gharama.

Kuhusu bima ya jengo, nilimfahamu mteja mmoja aliyetaka kupunguza ada. Alikatia nyumba yake bima ya milioni 35, kiasi kilichokuwa sawa na salio la deni lake. Hoja yake ilikuwa kwamba benki inataka kulindwa kwa kile inachodai tu. Jiko likashika moto, na hasara ikawa milioni 20. Alitarajia alipwe milioni 20 kamili, kwa sababu 20 ni ndogo kuliko 35. Alilipwa milioni 10. Kwa nini? Kwa sababu gharama ya kuijenga upya nyumba nzima ilikadiriwa kuwa milioni 70, yeye akawa amekatia bima nusu tu ya gharama hiyo, na mkataba wa bima ulisema kwamba atakayekatia pungufu atalipwa kwa uwiano uleule wa upungufu. Nusu ya bima, nusu ya fidia. Bima ya milioni 35, ya nini? Inapaswa kuwa ya gharama ya kujenga upya, pamoja na kubomoa mabaki na kuwalipa wataalamu. Haipaswi kuwa ya salio la deni, wala ya bei ya kununulia, kwa kuwa ndani ya bei kuna ardhi, na ardhi haiungui. Ukikatia bima bei nzima pamoja na ardhi, unalipia ada ya kitu ambacho hutalipwa kamwe. Gharama za ujenzi nazo hupanda, kwa hiyo kiasi hicho kinahitaji kupitiwa kila bima inapohuishwa.

Angalieni pia nini kinatokea bima ya jengo ikikatika. Barua ya mwalimu, kama nyingi nilizoziandaa mwenyewe, ilisema kwamba mkopaji asipohuisha bima, mkopeshaji anaweza kuikata kwa niaba yake na kuongeza gharama kwenye salio. Bima inayokatwa kwa njia hiyo mara nyingi ni ghali zaidi, tena hulinda maslahi ya mkopeshaji tu, na ada yake huanza kuzaa riba siku hiyohiyo. Tarehe ya kuhuisha iandikeni mahali mtakapoiona.

Bima ya maisha ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi siku ile. Barua ilidai ada ya mara moja ya milioni 2.4, na kwa kuwa ni wakopaji wachache wenye kiasi hicho mkononi, ikapendekezwa kwamba ada hiyo iongezwe kwenye mkopo. Wengi hapa wangekubali, kwa sababu rejesho linaongezeka kwa 26,000 tu kwa mwezi. Lakini zidisheni kwa miezi 240: ada ya milioni 2.4 inageuka kuwa takriban milioni 6.3. Tena mkiulipa mkopo mapema, je, sehemu ya ada ya miaka isiyotumika inarudishwa? Barua ilikuwa kimya. Tuliomba ada ilipwe mwaka kwa mwaka, nje ya mkopo. Mkopeshaji alikubali bila ubishi mkubwa. Nami nawaambia kwa uzoefu kwamba mara nyingi anakubali, ila si kawaida yake kulitaja jambo hilo kabla ya kuulizwa.

Kisha tukauliza: bima ya maisha, ya nani? Mkopo ulikuwa wa watu wawili, lakini fomu ya bima ilikuwa na jina moja tu, la mume, kwa sababu ndiye aliyeandikwa wa kwanza. Mshahara uliokuwa ukibeba rejesho ulikuwa wa mke. Kama mwalimu angefariki, bima isingelipa hata senti moja, na fundi angebaki na deni zima kwa kipato chake kisichotabirika. Fomu ikabadilishwa, wote wawili wakaingia.

Mnadhani ni jambo la nadra? Nitawasimulia la mama mmoja aliyekuja ofisini kwetu mwezi wa nne baada ya mumewe kuchukua mkopo. Mumewe alikuwa amefariki. Barua ya ofa ilisema wazi kwamba mkopo una bima ya maisha, na mama huyo alikuja nayo akiwa ameikunja ndani ya bahasha. Lakini kifungu kilichofuata kilisema kwamba ulinzi unaanza pale kampuni ya bima itakapomkubali mkopaji kwa maandishi baada ya kupokea majibu ya vipimo vya afya. Marehemu alijaza fomu, akaambiwa akapime, akawa anaahirisha. Mkopo ulitoka, bima haikuanza. Hakuna aliyemdanganya, na hakuna aliyemkumbusha. Tangu siku ile, kila mkopaji aliyekaa mbele yangu nilimwambia asikubali kutegemea neno la barua ya ofa peke yake: aombe cheti cha bima au barua ya kukubaliwa, yenye tarehe ya kuanza, kabla ya fedha kutoka. Na katika ile fomu ya afya ataje maradhi yake yote, hata yale anayodhani ni madogo, kwa sababu jambo lililofichwa linaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa dai.

Kwa haraka, jambo moja zaidi kabla sijaiacha bima. Zipo bima za maisha zinazokoma mkopaji anapofikisha umri fulani, kwa mfano miaka 60. Mtu wa miaka 45 anayechukua mkopo wa miaka 20 chini ya bima ya namna hiyo atakuwa na miaka 5 ya mwisho isiyo na ulinzi wowote. Linganisheni kifungu cha umri na kifungu cha muda, kwa sababu vimeandikwa kurasa tofauti na hakuna atakayewalinganishia.

Nimalizie na adhabu ya kulipa mapema.

Mtu huuliza: inawezekanaje niadhibiwe kwa kulipa deni langu? Kwa upande wa mkopeshaji hoja ipo. Naye amepata fedha hizo kutoka mahali fulani kwa gharama fulani na kwa muda fulani, akawafungia riba kwa matarajio ya kupata mapato ya miaka kadhaa. Ukimrudishia ghafla, huenda akazikopesha tena kwa riba ndogo zaidi. Fidia ya hasara hiyo inaeleweka, hasa katika kipindi ambacho riba imefungwa. Riba ikiwa inabadilika kila soko linapobadilika, hasara hiyo huwa ndogo sana, na mnayo haki ya kuuliza adhabu ni ya nini.

Mwalimu na mumewe walikuwa na barua mbili mkononi, maana walikuwa wameomba kwa wakopeshaji wawili. Ya kwanza ilidai asilimia 3 ikiwa mkopo utalipwa wote ndani ya miaka 5. Ya pili haikutaja asilimia yoyote. Ilisema tu, "riba ya miezi 6". Waliipenda ya pili kwa sababu ilionekana haina adhabu kubwa. Tuliweka mfano kwamba wanauza nyumba baada ya miaka 3, salio likiwa lile la milioni 68.9. Kwanza walishangaa salio lenyewe: wangekuwa wamelipa zaidi ya milioni 28.5, na deni lingekuwa limepungua kwa milioni 3.1 tu, kwa kuwa miaka ya mwanzo rejesho karibu lote ni riba. Kisha adhabu. Asilimia 3 ya salio ni takriban milioni 2.07. Asilimia 3 ya mkopo wa awali ni milioni 2.16. Lakini riba ya miezi 6 juu ya salio, kwa asilimia 12 kwa mwaka, ni milioni 4.13. Ile barua isiyo na asilimia ilikuwa ghali mara mbili. Nusu mwaka wa riba ya asilimia 12 ni asilimia 6, hata kama tarakimu hiyo haijaandikwa popote.

Wachache huuza nyumba baada ya miaka 3. Wengi zaidi hupata fedha kidogo, kiinua mgongo au urithi, wakataka kupunguza deni. Basi barua inasema nini kuhusu malipo ya sehemu? Ya kwanza iliruhusu kulipa ziada ya mpaka asilimia 10 ya salio kila mwaka bila adhabu. Tuseme mwishoni mwa mwaka wa tatu wanaleta milioni 10. Asilimia 10 ya salio ni takriban milioni 6.9, hivyo ziada ni milioni 3.1. Adhabu ya asilimia 3 ikikatwa kwenye ziada hiyo pekee ni kama 93,000. Ikikatwa kwenye milioni 10 zote kwa sababu kikomo kimevukwa, ni 300,000. Barua ilikuwa haisemi ni ipi. Njia ya kuikwepa yote ni kulipa milioni 6.9 leo na kiasi kilichobaki mwaka unaofuata, mradi mjue "mwaka" wa barua unaanza Januari au tarehe ya mkopo.

Lipo swali ambalo hakuna anayeliuliza, nalo lina thamani kuliko adhabu yenyewe. Baada ya kupokea zile milioni 10, mkopeshaji atapunguza nini? Akipunguza rejesho na kuacha miaka 17 iliyobaki kama ilivyo, rejesho linashuka hadi kama 677,700. Akiacha rejesho palepale na kufupisha muda, miezi 204 iliyobaki inakuwa takriban 137, yaani miaka 5 na nusu inafutika. Tofauti ya jumla ya malipo kati ya njia hizo mbili ni kama milioni 30. Milioni 10 zilezile, siku ileile, nyumba ileile. Kwenye barua nyingi uamuzi huo ni wa mkopeshaji mpaka mkopaji aandike vinginevyo, na wengi huletewa ratiba mpya yenye rejesho dogo wakaondoka wakifurahi.

Tuliandika maombi manne kwa barua moja fupi na kuyapeleka kwa mkopeshaji wa kwanza kabla ofa haijaisha muda wake, kwa maana ofa nayo huwa na tarehe ya mwisho ya kukubaliwa. Tuliomba adhabu ihesabiwe juu ya salio na ikome pamoja na kipindi cha riba iliyofungwa, yaani miezi 36 badala ya miaka 5. Tuliomba adhabu ya malipo ya sehemu ikatwe kwenye ziada pekee. Tuliomba malipo ya sehemu yafupishe muda isipokuwa mkopaji aseme vingine. Na tuliomba kwamba, mkopeshaji akipandisha riba, mkopaji apewe siku 60 za kulipa au kuhamia kwingine bila adhabu yoyote.

Matatu ya kwanza yalikubaliwa, yakaandikwa kwenye barua mpya na kutiwa saini na pande zote mbili. La nne lilikataliwa. Mwalimu aliniuliza kama akatae mkopo kwa ajili hiyo. Nilimwambia hapana, kwa kuwa adhabu sasa inakoma siku ileile riba inapoanza kuwa huru kupanda, na ombi la nne lilikuwa limekwisha kujibiwa na la kwanza bila mkopeshaji kutambua.

Asanteni. Wenye barua zao mikononi wasogee hapa mbele, tuna muda wa kutosha wa kuzifungua.